Kanali ya sinyali ya dola 30 kwa mwezi: namna tulivyoipima kabla ya kulipa



Tangu miezi kadhaa swali ni moja tu katika ujumbe mnaotuandikia. Mmoja aliuliza hivi: «Yaya, kuko kanali moja ya Telegram ya sinyali za zahabu. Banasema iko napata 85 juu ya 100. Ni dola 30 kwa mwezi. Nilipe ao niache?» Wengine wanauliza juu ya kanali zingine, lakini swali ni lile lile. Leo nitajibu kwa hesabu, maana kanali hiyo tumeipima mwezi mzima. Sitaitaja jina. Kazi ya andiko hili ni kukufundisha kupima ile ya kwako.

Kwa asiyejua: sinyali ni ujumbe unaokuambia nunua ao uza kitu fulani, kwa bei fulani, na wapi utoke. Kanali yetu ilikuwa inatoa sinyali za dhahabu, ile inayoandikwa `XAUUSD` kwenye programu za biashara, yaani bei ya wakia moja ya dhahabu kwa dola. Ujumbe wake ulikuwa wa namna hii (bei nimezizungusha ili hesabu iwe nyepesi):

```
XAUUSD BUY 4100 - 4096
SL 4088
TP1 4103
TP2 4108
TP3 4120
```

Maana yake: nunua kati ya 4,100 na 4,096. Bei ikishuka mpaka 4,088, ile `SL`, yaani stopu, inakufungia biashara na unapoteza. Ikipanda mpaka 4,103 umefika lengo la kwanza, na kadhalika.

Sasa, mtu wa Rubaya hauzi coltan kwa maneno. Négociant anapima kwanza kiwango cha madini yaliyo ndani, kisha njo bei inaongelewa. Walikale nako, dhahabu inapanda kwenye mizani mbele ya pesa kutoka. Sinyali pia ina mizani yake, na mizani hiyo iko na sehemu tatu: mahali pa kuingia, stopu, na historia ya kweli.

Anza na umbali, si na asilimia

Kabla ya kuuliza kanali inashinda mara ngapi, angalia inashinda ngapi na inapoteza ngapi. Kwenye sinyali ile hapo juu, kutoka 4,100 mpaka lengo la kwanza ni dola 3. Kutoka 4,100 mpaka stopu ni dola 12. Yaani kila ukipoteza mara moja, unahitaji ushindi mara nne ili urudi ulipokuwa. Ushindi mara nne juu ya biashara tano ni asilimia 80. Kwa hiyo kwenye kanali hii asilimia 80 ni sifuri. Ni pale ambapo hujapata na hujapoteza. Ile 85 inayokushangaza iko juu ya sifuri kwa hatua ndogo sana.

Kanali ilitangaza mwishoni mwa mwezi: sinyali 40, ushindi 34, hasara 6. Kweli hiyo ni 85 juu ya 100. Tuiweke kwenye pesa. Loti ndogo kabisa ambayo mabroka wengi wanakubali ni 0.01, na kwa dhahabu 0.01 ni wakia moja. Hiyo inarahisisha mambo: bei ikitembea dola 1, wewe unapata ao unapoteza dola 1. Ushindi 34 mara dola 3 ni 102. Hasara 6 mara dola 12 ni 72. Inabaki dola 30.

Soma tena: inabaki dola 30, na malipo ya kanali ni dola 30. Tukikubali kila neno la mwenye kanali bila kupima kitu, kijana mwenye loti 0.01 anafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya kulipa kanali.

Na usiseme utaongeza loti. Wengi wetu tukikusanya sana tunaweka dola 200 kwenye akaunti. Stopu ya dola 12 juu ya dola 200 ni asilimia 6 kwa biashara moja. Hasara tano zikifuatana, asilimia 30 imekwenda. Ukiweka 0.02, ni asilimia 60.

Namna ya kuandika daftari

Mwanachama mmoja alikuwa amekwisha kulipa mwezi wa Oktoba 2025, basi tukatumia mwezi wake kama mtihani. Hakuna aliyeweka pesa kwenye sinyali. Kila ujumbe ukiingia, alifanya mambo mawili.

La kwanza, aliusukuma papo hapo kwenye `Saved Messages` yake. Ujumbe uliosukumwa ni nakala. Mwenye kanali akibadilisha ule wa kwake kesho, nakala yako haibadiliki. Akiufuta, wako unabaki. Kanali zingine zimefunga njia hiyo, huwezi kusukuma wala kupiga picha ya skrini. Basi andika kwa kalamu kwenye daftari, na jiulize kwa nini mtu anayesema anashinda anaogopa nakala.

La pili, aliandika saa ujumbe ulipofika kwenye simu yake. Saa inayoonekana kwenye Telegram ni ile ujumbe ulipotumwa, si ile ulipokufikia. Kwa mtu wa Goma tofauti inaweza kuwa ndogo. Kwa mtu anayepanda kilima kutafuta rezo, tofauti hiyo njo biashara yenyewe.

Jioni tulifungua chati ya dakika moja, ile `M1`, na kufuata bei kuanzia dakika ujumbe ulipofika. Hapa kuna mtego mdogo wa saa. Sisi Kivu Kaskazini tuko `UTC+2`. Programu ya MT5 inaonyesha saa ya seva ya broka, na kwa mabroka wengi inaweza kuwa saa moja mbele yetu kwa sehemu ya mwaka. Usipoirekebisha utapima dakika isiyo yake na utamsingizia mtu, ao utamsifu bure. Kwenye TradingView unaweza kuchagua saa ya chati mwenyewe.

Kwa kila sinyali tuliuliza maswali mawili tu. Je, baada ya ujumbe kufika, bei iliyoandikwa ilikuwa bado inapatikana? Na kati ya stopu na lengo la kwanza, bei iligusa kipi mbele? Vyote viwili vikiguswa ndani ya dakika moja na huwezi kujua kipi kilitangulia, andika hasara. Ukijipendelea kwenye daftari, soko halitakupendelea.

Mahali pa kuingia: ushindi ambao si wako

Katika ushindi 34, tulikuta 9 ambao hakuna aliyeweza kuupata. Ujumbe unasema nunua 4,100, lakini dakika unapofika bei iko 4,104. Lengo la kwanza, 4,103, liko nyuma yako tayari. Baada ya dakika chache kanali inaandika «TP1 imegongwa, hongera familia!» Ni kweli bei ilipita pale, lakini ilipita mbele ya ujumbe. Tulijaribu pia kuhesabu kana kwamba tumeacha oda ya kungoja bei irudi 4,100. Kwenye hizo 9 haikurudi siku ile.

Labda utasema: basi na hasara zingine nazo zitatupita, itakuwa sawa. Hapana, na hapa naomba usome polepole. Ili sinyali ya kununua ipoteze, bei lazima ishuke mpaka stopu. Na ili ifike kwenye stopu, lazima ipite kwanza mahali pa kuingia. Kwa hiyo kila hasara inakupa nafasi ya kuingia. Ushindi wa haraka njo unakukimbia, hasara haikukimbii hata moja. Kuchelewa hakupunguzi pande zote mbili kwa usawa. Kunapunguza upande mzuri paka huo.

Hii ndiyo sababu matokeo ya mwenye kanali na matokeo yako hayawezi kufanana hata akiwa mtu wa kweli. Wewe uliye Masisi na rezo ya kubahatisha, sinyali yenye lengo la dola 3 haikufai hata ingekuwa nzuri. Lengo likiwa dola 40, dakika tatu za kuchelewa zinauma kidogo. Likiwa dola 3, zinakula kila kitu.

Stopu: angalia kilichofutwa

Namna ya kwanza ya kuchezea stopu ni kuisogeza. Ujumbe unatoka na `SL` 4,088, bei inakaribia, mwenye kanali anabadilisha iwe 4,075. Telegram inaonyesha neno `edited` pembeni ya saa, na kwenye simu iliyo kwa Kifaransa `modifié`. Neno hilo peke yake si kosa, labda alirekebisha herufi. Linganisha na nakala yako. Kama namba ya stopu imebadilika, kwenye daftari inabaki ile ya kwanza.

Namna ya pili ni kufuta. Hapa kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Kila ujumbe wa kanali ya Telegram una namba yake, na namba zinafuatana. Bonyeza ujumbe, nakili kiungo chake, na utaona namba hiyo mwishoni:

```
t.me/jina_la_kanali/1841
```

Kama ujumbe unaofuata ni 1845, kuna namba tatu zimekosekana katikati. Usimhukumu mtu kwa hilo tu: picha zinazotumwa pamoja kama albamu, kila picha inachukua namba yake. Lakini namba zikiruka siku bei imeanguka vibaya, na siku za amani haziruki, unaanza kuelewa.

Siku ya kupima tunayo. Tarehe 20 Oktoba 2025 dhahabu ilipita dola 4,380, wakati huo ilikuwa haijawahi kufika pale. Kesho yake, tarehe 21, ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, maporomoko makubwa kuliko yote tangu Agosti 2020. Kanali yoyote iliyokuwa inasema nunua, nunua, lazima iwe na alama ya siku hiyo. Ukitaka kupima kanali ambayo bado hujalipa, anza pale: rudi nyuma mpaka tarehe 21 Oktoba 2025 uone inasema ilifanya nini. Chati ya siku ile haifutwi na mtu.

Kwenye kanali yetu, siku ile ilikuwa kimya. Hakuna sinyali hata moja, paka ujumbe wa asubuhi wa kutia moyo. Lakini kwenye `Saved Messages` ya mwenzetu kulikuwa na sinyali tatu za kununua, zote za tarehe 21, zote zimegonga stopu. Na namba za ujumbe za siku ile zilikuwa zimeruka. Kwenye ripoti ya mwezi hizo tatu hazimo. Sinyali hazikuwa 40, zilikuwa 43.

Hesabu kamili

Sasa turudi kwenye dola, hatua kwa hatua, bado kwa loti 0.01.

Mwenye kanali alisema inabaki 30. Tunatoa hasara tatu zilizofutwa, 3 mara 12, yaani 36. Tuko chini ya sifuri kwa dola 6. Tunatoa ushindi 9 ambao haukupatikana, 9 mara 3, yaani 27. Tuko chini kwa dola 33. Zimebaki biashara 34 ambazo mtu angeweza kuzifanya kweli: ushindi 25 na hasara 9. Kila moja inalipa spredi, tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza kwa broka. Tulihesabu senti 30 kwa biashara, na broka wako anaweza kuzidisha. 34 mara 0.30 ni dola 10 na kidogo. Tuko chini kwa dola 43. Ongeza malipo ya kanali, dola 30. Jumla ni dola 73.

Aliyeanza na dola 200 anamaliza mwezi na 127, huku akisoma kila siku kwamba familia inashinda.

Mmoja wetu alibisha: «Lakini mimi siwezi kufunga kwa TP1, mimi nangoja TP3.» Swali zuri, basi tukalipima pia. Kati ya ushindi 25 uliopatikana, ni 6 tu ambao ulifika dola 20 za lengo la tatu mbele ya kurudi kugonga stopu. Hizo 6 zinaleta 120. Zile 19 zingine ziligusa lengo la kwanza, kanali ikasherehekea, kisha zikashuka mpaka stopu. Ukiongeza zile hasara 9, ni hasara 28 mara dola 12, yaani 336. Umepoteza dola 216, akaunti ya dola 200 imekwisha njiani. Angalia ujanja: kanali inahesabu idadi ya ushindi kwa lengo la kwanza, kisha inatangaza faida kwa lengo la tatu. Wewe chagua kanuni moja mbele ya kuhesabu, na usiibadilishe.

Historia ya kweli ni akaunti, si picha

Baada ya mwezi tulimwandikia mwenye kanali kwa heshima. Tulimwomba kitu kimoja: kiungo cha akaunti yake inayofuata sinyali zile zile. Alijibu, «Boss, matokeo iko kwenye kanali, panda juu tu utaona.» Kisha akatuma picha ya skrini yenye faida ya dola 8,000.

Picha ya skrini haipimi kitu. Akaunti ya mazoezi, ile ya demo, inafunguliwa bure kwa dakika tano, na unaweza kujipa dola 100,000 za mchezo. Mtu akiwa na akaunti kumi za mazoezi, atakuonyesha ile moja iliyopanda. Kitu unachoweza kuomba ni ukurasa wa Myfxbook ao FX Blue uliounganishwa na akaunti. Kwenye Myfxbook tafuta alama mbili, `Track Record Verified` na `Trading Privileges Verified`. Ya kwanza inasema historia imetoka kwa broka. Ya pili inasema akaunti ni ya mtu huyo kweli. Kisha angalia kama imeandikwa `Real` ao `Demo`, imeanza lini, na kama orodha ya biashara iko wazi ao imefichwa.

Angalia pia mistari miwili ya grafu. `Balance` ni pesa baada ya biashara zilizofungwa. `Equity` ni pesa ukiweka na zile ambazo bado ziko wazi. Kama `Balance` inapanda kama ngazi nzuri huku `Equity` ikizama chini yake mara kwa mara, huyo mtu hafungi hasara zake. Anazingoja zirudi. Siku moja kama ile ya tarehe 21 Oktoba inatosha kummaliza yeye na wanaomfuata.

Uliza tena anakula wapi. Kanali nyingi zinakupa sinyali «bure» ukifungua akaunti kwa kiungo chao. Broka anawalipa kwa kila loti unayofanya, upate ao upoteze. Huyo anahitaji ufanye biashara mingi, si biashara nzuri. Na kama anasema umtumie pesa yako kwa Airtel Money ao M-Pesa yeye akufanyie biashara, hapo si sinyali tena. Kukusanya akiba ya watu ni kazi inayohitaji ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo, na hiyo ruhusa anapaswa kukuonyesha.

Mpaka wa kipimo hiki

Nisiwadanganye: sinyali 40 ni chache. Kwenye kanali hii, ushindi mbili tu zikigeuka hasara, hesabu yake mwenyewe inatoka dola 30 mpaka sifuri. Mbili juu ya 40 zinaweza kuwa bahati, kwa kupata ao kwa kukosa. Kwa hiyo mwezi mmoja unaweza kukuonyesha kanali mbaya, kama huu ulivyofanya, lakini hauwezi kukuthibitishia kanali nzuri. Ukikuta moja ambayo haijafuta kitu, inatoa stopu katika ujumbe wa kwanza, inaacha hasara zake zionekane, na akaunti yake iko wazi, endelea kuandika mpaka sinyali 100 na zaidi, zikiwemo siku za bei kuanguka. Yote hayo bila kuweka dola hata moja.

Yule aliyeuliza kama alipe ao aache, jibu lake ni hili: aache. Na kanali nyingine akiipata, afungue daftari lenye safu tano: saa ujumbe ulipofika, bei ya dakika hiyo, stopu ya kwanza, kilichoguswa mbele, na dola zilizobaki. Daftari la kurasa 48 linatosha kwa miezi mingi, na bei yake haifiki dola moja.